Rimoti inasema COOL, kiyoyozi kinapuliza joto: fuata agizo mpaka kwenye kompresa

Swali hili hunijia karibu kila wiki wakati wa joto, na maneno ni yale yale: "Fundi, nimeweka alama ya theluji, nimeshusha mpaka 18, lakini upepo unaotoka ni wa kawaida tu. Gesi imeisha?" Nimechoka kulijibu kipande kipande kwenye simu, kwa hiyo leo naliandika lote.

La kwanza kulielewa: rimoti husema, haisikii. Inarusha mwanga usioonekana kwenda kwenye mashine ya ndani, basi. Hairudishiwi jibu lolote. Ile alama ya theluji kwenye kioo chake ni agizo ulilotoa wewe, si taarifa ya kazi inayofanyika. Ukizima umeme wa kiyoyozi kabisa, rimoti itaendelea kukuonyesha COOL na 18 bila aibu.

La pili: ubaridi hautengenezwi ndani. Mashine ya ukutani ina feni inayopitisha hewa ya chumba kwenye koili, lakini kinachoifanya koili hiyo iwe baridi ni kompresa, pampu inayosukuma gesi, nayo iko kwenye mashine ya nje. Kompresa isipozunguka, mashine ya ndani inabaki feni ya kawaida, tena ya bei mbaya. Kwa hiyo kazi yetu ni kulifuata agizo kutoka mkononi mwako mpaka kwenye kompresa na kuona limepotelea wapi.

Vitu vya kuwa navyo

- Kipimajoto cha dijiti chenye ncha, kama kile cha kupimia chakula. Cha kupimia homa hakifai, hakisomi joto la chini kama la hewa ya kiyoyozi.
- Simu yenye kamera.
- Betri mpya za rimoti.
- Tochi, brashi laini na maji.
- Saa. Hiki ndicho kifaa ambacho watu wengi hawakitumii.

Multimita na klampu ya kupimia ampea ni za fundi. Kama huna mazoea ya umeme, hutazihitaji katika hatua zifuatazo.

Onyo kabla ya kugusa chochote. Usifungue kifuniko cha mashine ya nje. Ndani yake kuna kapasita zinazohifadhi umeme hata baada ya kuzima swichi, na kwenye viyoyozi vya inveta, vile ambavyo kompresa yake hubadilisha kasi, umeme huo hupita volti 300. Kama mashine ya nje imening'inia ukutani ghorofani, isikilize na uitazame kutoka dirishani, lakini usichungulie nusu mwili ukiwa nje.

Hatua ya 1: Hakikisha agizo ni sahihi na limefika

Weka COOL, joto dogo kabisa ambalo rimoti inakubali, na feni kwenye kasi ya juu. Usijaribu kwa AUTO, maana hapo mashine huchagua yenyewe, wala kwa DRY, ambayo kompresa yake hukatakata. Kwenye rimoti nyingi COOL ni theluji, HEAT ni jua, DRY ni tone la maji. Nimekuta zaidi ya mara moja mtu ameshusha namba mpaka 18 huku alama ni ya jua.

Kisha bonyeza ukisikiliza. Mashine ya ndani ikipokea agizo hutoa mlio mfupi. Usiposikia kitu, badilisha betri. Bado kimya? Elekeza ncha ya rimoti kwenye kamera ya simu na ubonyeze huku unatazama kioo cha simu: utaona taa ndogo ya zambarau au nyeupe ikimetameta. Tumia kamera ya mbele, kwa sababu kamera nyingi za nyuma huchuja mwanga huo. Taa isipoonekana, rimoti imekufa. Ikionekana lakini mashine haitoi mlio, shaka inahamia kwenye kipokezi cha mashine ya ndani.

Kuna mtego mwingine hapa, nao ni rimoti ya kila aina, ile inayonunuliwa ya kwanza ikipotea. Ikiwekewa namba ya mashine ya aina nyingine, mashine yako inaweza kulia na hata kuwaka, lakini ikaelewa jambo lingine. Wewe unaona COOL, yenyewe imepokea feni tupu. Kujiridhisha, inua kifuniko cha mbele cha mashine ya ndani utafute kitufe kidogo cha dharura. Kwenye mashine nyingi ukikibonyeza mara moja inawaka bila rimoti na kuchagua yenyewe, na chumba kikiwa na joto itachagua kupoza. Ikipoza kwa kitufe na ikagoma kwa rimoti, umeshamaliza uchunguzi: badilisha rimoti au namba yake.

Kama rimoti yako ina kitufe cha kuipa mashine joto la mahali rimoti ilipo, kizime wakati wa majaribio. Rimoti iliyolazwa chini ya mdomo wa kiyoyozi itaiambia mashine kuwa chumba kimeshapoa, na kompresa itasimama kwa utii kabisa.

Hatua ya 2: Iache dakika 15, mikono mbali

Kompresa ikizimwa haiwaki tena papo hapo. Mashine huisubirisha kama dakika 3 ili mgandamizo wa gesi usawazike pande zote mbili. Mtu mwenye wasiwasi huwasha, anagusa upepo, anasema "joto", anazima, anawasha. Kila akifanya hivyo saa inaanza upya. Nimewahi kufika mahali, nikamwomba mwenyewe aweke rimoti mezani, tukazungumza mambo mengine, na kiyoyozi kikapoza. Hiyo ndiyo kazi pekee niliyoifanya siku ile.

Hatua ya 3: Pima, usikisie kwa kiganja

Kiganja hudanganya. Baada ya zile dakika 15, shika kipimajoto juu ya mashine ya ndani, pale inapovutia hewa, usubiri namba itulie. Kisha kiweke kwenye mdomo inapotokea hewa. Toa ya pili kwenye ya kwanza.

Tofauti ya nyuzi 8 mpaka 12 ni afya njema. Hewa yenye unyevu mwingi huishusha kidogo, kwa hiyo 7 isikutie hofu. Ikiwa umepata hivyo na chumba bado kina joto, kiyoyozi hakina kosa: chumba kina dirisha wazi, jua kali au mashine ni ndogo kuliko nafasi.

Tofauti ya 2 mpaka 6 maana yake kompresa huenda inafanya kazi ila kuna kitu kinaibana. Tofauti ya 0 au 1 maana yake hakuna kinachopozwa. Mara nyingi kompresa haizunguki. Na hewa inayotoka ikiwa na joto *kuliko* inayoingia, nyuzi 10 au zaidi, basi mashine inapasha joto kweli. Shika namba yako, tutairudia.

Hatua ya 4: Filta, kwa haraka

Zima, toa filta, osha kwa maji ya kawaida, kausha kivulini, rudisha. Lakini usitarajie muujiza. Filta chafu mwanzoni haileti hewa ya joto. Inaleta hewa kidogo iliyo baridi sana. Baadaye koili huganda barafu, hewa haipiti, na hapo ndipo unasema kiyoyozi hakipozi. Ukiona barafu, weka feni tupu kwa saa moja au mbili mpaka iyeyuke yote, kisha jaribu upya. Usiibandue kwa kisu. Koili ikitoboka, gesi imekwenda.

Hatua ya 5: Nenda nje ukasikilize

Hapa ndipo ukweli unapokaa. Kiyoyozi kikiwa kwenye COOL na dakika 5 zimepita, simama karibu na mashine ya nje. Unatafuta vitu viwili tofauti: feni, ambayo unaiona, na kompresa, ambayo unaisikia kama mngurumo mzito wa chini na mtetemo ukiweka kiganja juu ya bati. Watu wengi huona feni inazunguka wakahitimisha kuwa "ya nje inafanya kazi". Feni si kompresa.

*Kimya kabisa, hata feni haisogei.* Agizo halijafika nje, au umeme haujafika. Angalia kama mashine ya nje ina swichi yake ukutani na kama saketi breka imeruka. Breka ikiruka, irudishe mara moja tu. Ikiruka tena iache, kuna shoti. Tazama pia taa za mashine ya ndani: zikikonyeza kwa mpangilio, zihesabu au piga picha ya herufi zinazoonekana. Huo ni ujumbe wa hitilafu, na maana yake iko kwenye kitabu cha mashine yako. Maana hizo hutofautiana kwa kila kampuni, usichukue ya jirani.

*Feni inazunguka, kompresa kimya.* Au inavuma "mmmm" sekunde chache, inakata kwa mlio wa "tik", na baada ya dakika kadhaa inarudia. Kwenye mashine zisizo za inveta, mshukiwa wa kwanza ni kapasita ya kompresa, kisha umeme mdogo, kisha kompresa yenyewe. Zima. Kila jaribio la kuwaka linachemsha nyaya za ndani.

*Kompresa inanguruma, feni imesimama.* Zima sasa hivi. Joto lililotolewa chumbani halina pa kwenda, mgandamizo unapanda, na kompresa itajikata kwa kujilinda au iungue. Usiisukume feni kwa kijiti ili "ianze". Nimeona vijiti vilivyokatwa, na vidole pia.

*Vyote viwili vinafanya kazi.* Endelea na hatua ya 6.

Kama mashine yako ni ya inveta, kompresa inaweza kuwa inazunguka polepole kiasi kwamba huisikii, hasa chumba kikikaribia joto uliloomba. Ndiyo maana nilikwambia uweke namba ya chini kabisa.

Hatua ya 6: Gusa mabomba mawili

Kwenye ubavu wa mashine ya nje kuna vali mbili za shaba: moja ya bomba nene, moja ya bomba jembamba. Sogeza sponji nyeusi kidogo na uguse. Kiyoyozi kikipoza vizuri, bomba nene ni baridi na linatoka jasho, na hata jembamba huwa baridi, kwa kuwa kwenye mashine nyingi za namna hii gesi hupunguzwa mgandamizo nje kabla ya kuingia ndani.

Yote mawili yakiwa na joto la kawaida la hewa, kompresa haisukumi kitu: ama haizunguki, ama gesi imetoka yote. Bomba jembamba likiwa na barafu nyeupe na nene likiwa halina baridi, gesi imepungua. Na bomba nene likiwa la moto, la moto hasa, huku rimoti inasema COOL, mashine imekwama kwenye kupasha. Hiyo hutokea kwa viyoyozi vinavyopoza na kupasha: vali ya kugeuza mwendo wa gesi imeganda upande mmoja au bodi ya umeme inayoongoza mashine inaiamuru vibaya. Ile namba ya hatua ya 3 iliyozidi kwa nyuzi 10 itakubaliana na mkono wako.

Hatua ya 7: Osha mgongo wa mashine ya nje

Kama tofauti yako ilikuwa 2 mpaka 6, fanya hivi kabla ya kulipa mtu. Zima breka. Ondoa majani na vumbi kwa brashi, ukifuata mistari ya mapezi ya alumini kutoka juu kwenda chini. Kisha mwagia maji ya mpira kwa nguvu ndogo. Mashine ya kuoshea magari hapana. Hulaza mapezi na baada ya hapo hewa haipiti milele. Ondoa pia vitu vilivyopangwa mbele ya feni. Acha ikauke nusu saa, washa, pima tena.

Mfano mmoja mpaka mwisho

Mama mmoja alinipigia akisema gesi imeisha tena, wiki moja tu baada ya kuongezewa. Kiyoyozi chake si cha inveta, cha ukubwa wa BTU 12,000. Nilimwomba afanye hatua tatu za mwanzo kabla sijatoka nyumbani. Mlio ulisikika, rimoti sawa. Hewa iliyoingia ilikuwa 29, iliyotoka 28. Tofauti ya 1, kwa hiyo nilijua naenda kutafuta kompresa, si rimoti wala filta.

Nje, feni ilikuwa inazunguka vizuri. Kompresa ilivuma sekunde mbili tatu, ikakata. Klampu ilionyesha ampea 24 katika sekunde hizo, wakati kibandiko cha mashine kinasema 5.2. Ampea nyingi za muda mfupi, kisha kukata: hiyo ni mota inayotaka kuzunguka na kushindwa. Volti zilikuwa 226, kwa hiyo umeme hauna lawama. Nilizima breka, nikaimaliza chaji ya kapasita, nikaipima. Imeandikwa maikrofaradi 35 na kosa la asilimia 5, yaani inaruhusiwa kati ya 33 na 37 hivi. Hii ilisoma 11.

Niliweka mpya ya 35, volti 450 kama ile ya zamani. Kompresa iliwaka mara moja. Lakini kazi haikuishia hapo, maana ampea zilitulia kwenye 6.3, juu ya kibandiko. Mama akakumbuka: fundi aliyetangulia alikuja jioni, kiyoyozi kikawaka, akaongeza gesi, kikapoza mpaka kesho yake mchana. Kapasita iliyochoka huweza kuiwasha kompresa iliyopoa na ikashindwa ikiwa na joto. Ile gesi haikuponya kitu, ilijaza kupita kiasi. Ilibidi niihamishie yote kwenye silinda tupu na kurudisha kwa mizani uzito ulioandikwa kwenye kibandiko. Ampea zikashuka hadi 5.1, na baada ya dakika 20 hewa iliingia 29 ikatoka 18.

Kuhusu gesi yenyewe

Gesi ya kiyoyozi si ya jikoni. Haitumiki ikaisha, inazunguka kwenye mabomba yaliyofungwa, ile ile, miaka yote. Ikipungua, imevuja, na kuongeza bila kutafuta tundu ni kununua miezi michache. Fundi akikwambia gesi imepungua, muulize amejuaje na inavujia wapi. Kazi kamili ni kujaza naitrojeni, kupaka povu la sabuni kwenye nati na maungio, kuziba, kuvuta hewa na unyevu kwa pampu ya vakyumu, kisha kuingiza gesi kwa mizani. Gesi iwe ile iliyoandikwa kwenye kibandiko: R-410A haichanganywi na R-22 wala R-32, na R-32 hushika moto, kwa hiyo hakuna kuchomelea bomba likiwa nayo ndani.

Bado inasumbua?

*Asubuhi inapoza, mchana inapuliza joto.* Kompresa inajikata kwa joto kali. Osha mashine ya nje, hakikisha ina nafasi ya kupumua, kisha mwite fundi achunguze kapasita. Ikijikata hivyo inaweza kuchukua hata saa nzima kurudi, kwa hiyo usidhani imekufa.

*Tatizo huja jioni tu.* Fundi apime volti wakati huo, kompresa ikiwa inajaribu kuwaka. Kwenye umeme wa 230, zikishuka chini ya 200 kompresa inaweza kugoma. Kama kuna stebilaiza, ione isije ikawa ndogo kuliko mashine.

*Imeanza baada ya umeme kukatika na kurudi.* Zima breka dakika 10, washa, subiri dakika 5. Ikibaki vilevile na nje kuko kimya, bodi au fyuzi yake imepigwa na umeme uliorudi kwa kishindo.

*Ni mpya au imehamishwa juzi.* Mwite aliyefunga, usimwite mwingine. Mara nyingi vali mbili za nje hazikufunguliwa mpaka mwisho, au waya za mawasiliano kati ya ndani na nje zimepishana, au nati imelegea na gesi imetoka usiku wa kwanza. Ukiona alama ya mafuta mafuta kwenye nati ya shaba, piga picha kabla hajaifuta.